Uzi: Kuharibu tahajia na kupachika maneno ya mtaani ili kukwepa vigunduzi vya akili mnemba

Kalamu_ya_Moro
Wakuu, shikamooni kwa wanaostahili. Naandika makala za ufugaji kwa mteja mwenye tovuti, nyingi za Kiswahili na chache za Kiingereza. Rasimu ya kwanza huwa naitoa kwenye akili mnemba, kisha naipitia mwenyewe. Sasa mteja kairudisha makala ya chanjo ya kuku akiwa ameambatanisha picha ya ditekta inayosema 71% ni ya mashine. Kwenye grupu letu la WhatsApp naambiwa dawa yake ni kuivuruga: kosa moja la tahajia kila sentensi mbili, halafu unapachika maneno ya mtaani ili ionekane kaandika mtu. Swali langu ni la vipimo tu. Kwa makala ya maneno 600, makosa mangapi yanatosha? Na ni maneno gani ya mtaani yanayofanya kazi?

Kipanga254
Inafanya kazi, boss. Ditekta huangalia vile neno linalofuata linatabirika. Maandishi ya mashine yanatabirika sana, ya binadamu hayatabiriki. Ukiandika "uzalishji" badala ya "uzalishaji", hakuna mashine ingetabiri hiyo, kwa hivyo alama inashuka. Weka kama kumi kwa ukurasa, ongeza Sheng kidogo mwanzoni na mwishoni. Nimeona 80 ikirudi 40 kwa njia hiyo.

chunguza_data
Kipanga, hapo mwanzo uko sahihi. Kuna vigunduzi vinavyopima hicho unachokisema. GPTZero ilipotoka Januari 2023 ilijengwa juu ya vipimo viwili: maneno yanashangaza kiasi gani kwa wastani, na mshangao huo unapanda na kushuka kiasi gani kutoka sentensi hadi sentensi. Kosa la tahajia kweli hushangaza. Tatizo ni kwamba linashangaza pale pale lilipo, kisha neno linalofuata linarudi kutabirika kama kawaida, na kipimo ni wastani wa maandishi yote.

Tupige hesabu kwa namba za mfano. Tuseme kipande chako kina tokeni 300, yaani vipande vya maneno ambavyo mashine husoma kimoja kimoja, na kila moja ina mshangao wa 2.3 kwa wastani. Sasa tia makosa kumi. Neno lililoharibika hukatwa vipande, kwa hiyo lililokuwa tokeni moja linakuwa tatu, na mshangao wa neno zima unapanda kutoka 2.3 hadi tuseme 14. Nimekuwekea namba kubwa makusudi. Kipimo chenyewe ni `math.exp` ya wastani wa mshangao kwa kila tokeni.

```python
import math
safi = 300 * 2.3
makosa = safi + 10 * 11.7
print(math.exp(safi / 300))     # 9.97
print(math.exp(makosa / 320))   # 12.45
```

Umeharibu maneno kumi kwenye kipande kifupi, na kipimo kimetoka 10 kwenda 12 na nusu. Kama mstari wa kutenganisha mtu na mashine umewekwa kwenye 12, umepita. Kama umewekwa kwenye 20, umeharibu kazi bure. Mstari huo wewe huuoni, na kila kampuni ina wake, na hubadilishwa bila kutangazwa. Kwa hiyo swali la "makosa mangapi yanatosha" halina jibu hata kwa mtu aliyeunda kigunduzi kingine.

Halafu yapo mambo mawili yanayofuta hata hiyo faida ndogo. Anayepima anaweza kuyapitisha maandishi kwenye kisahihishi cha tahajia kwanza: "uzalishji" inarudi "uzalishaji", na 12.45 inarudi 9.97. Hiyo ni mistari michache tu ya programu. Au anaweza kuacha wastani akatumia namba ya katikati, yaani apange mishangao yote kwa ukubwa na kuchukua ile iliyo katikati ya foleni. Makosa yako kumi yanakwenda kukaa mwisho wa foleni, na ya katikati husogea kidogo sana.

Kipanga254
Sawa, lakini mimi niliiona ikishuka kwa macho yangu. 80 hadi 40 si kitu kidogo.

chunguza_data
Sikatai kwamba ilishuka. Ninachouliza ni kama ilishushwa na makosa. Chukua maandishi yale yale, usiguse herufi hata moja, toa aya ya mwisho upime. Kisha irudishe, uitoe ya kwanza, upime tena. Halafu ibandike bila nafasi kati ya aya. Ukiona namba inaruka kwa kiasi kinachokaribiana na kile ulichokisifia kwenye makosa, basi ulikuwa unaangalia mtikisiko wa kipimo chenyewe. Maandishi mafupi hutikisika sana. Turnitin, programu ya vyuo ya kukagua kazi za wanafunzi, haitoi alama ya akili mnemba kwa kazi iliyo chini ya maneno 300, na kati ya 1% na 19% inaweka kinyota badala ya namba kwa sababu huko chini makosa ya utambuzi ni mengi zaidi.

Pia si vigunduzi vyote vinapima mshangao. Aina nyingine imefunzwa kwa mifano: inapewa maandishi mengi ya watu na mengi ya mashine, inajifunza tofauti zenyewe. Hiyo inasoma mpangilio wa sentensi, viunganishi, jinsi aya zinavyofunguliwa na kufungwa. Ukiiwekea makosa inaweza kushuka, inaweza isisogee, na inaweza hata kupanda, kwa sababu mifano iliyochafuliwa kwa makusudi nayo huingizwa kwenye mafunzo. Mwaka 2024 ulitoka mkusanyiko wa majaribio unaoitwa RAID, uliojaribu mbinu 11 za kuvuruga dhidi ya vigunduzi vingi, na makosa ya tahajia yalikuwa mojawapo. Binoculars, mojawapo ya vigunduzi vya wazi vilivyofanya vizuri, haikuyumba sana kwa makosa ya tahajia. Iliyumba vibaya kwa mbinu nyingine, na vigunduzi vingine viliyumba kwa mbinu tofauti na hizo. Sasa mteja wa Moro anatumia kipi? Picha ya skrini haitoshi kukuambia kinavyofanya kazi ndani.

NyundoChuma
Mnazunguka sana. Badilisha maneno kwa visawe, "muhimu" iwe "adhimu", "kusaidia" iwe "kuauni", Turnitin haitakuta sentensi yako popote. Mimi ripoti yangu ilitoka 6%.

chunguza_data
Ndugu, hiyo 6% ni ripoti ya kufanana, ile inayotafuta sentensi zako kwenye kazi za wengine. Anachouliza Moro ni ripoti ya akili mnemba, na hiyo haitafuti chanzo popote. Makala inaweza kupata 0% kwenye kufanana na 90% kwenye hii nyingine, maana mashine hutunga sentensi ambazo hazipo kokote.

NyundoChuma
Aah, kumbe ni ripoti mbili. Basi nilichanganya. Ila na hizo herufi za Kirusi? Kuna mtu anauza faili linalobadilisha "a" zote kuwa "a" ya Kirusi. Kwa macho huoni tofauti.

chunguza_data
Kwa macho huoni, kwa kompyuta inaonekana mara moja. Mstari mmoja unatosha:

```python
import re
print(re.findall(r"[\u0400-\u04FF\u200b]", maandishi))
```

Hiyo inatoa herufi za Kisirili, yaani hizo za Kirusi, na nafasi isiyoonekana iliyozoeleka. Makala ya Kiswahili yenye "а" 900 za Kisirili haina maelezo yoyote ya bahati mbaya. Turnitin ina alama maalumu ya kumwonyesha mwalimu maandishi yaliyofichwa na herufi zilizobadilishwa. Ukifika hapo swali si tena kama ulitumia akili mnemba, ni kwa nini ulijaribu kudanganya, na kwenye hilo huna utetezi. Na kwa mwenye tovuti kuna hasara nyingine: msomaji akitafuta neno "chanjo" kwa `Ctrl+F` halitaonekana, injini ya utafutaji haitalitambua, na programu inayomsomea kipofu italisoma ovyo.

Mhariri_Tanga
Nasoma uzi huu toka juu na naona mnajadili kipimo tu. Naomba tuliangalie andiko lenyewe, kwa sababu Kiswahili hakivumilii makosa ya makusudi kama Kiingereza. Mwingereza akiandika "teh" badala ya "the", hakuna maana iliyopotea. Kwetu kitenzi kimoja kimebeba nafsi, wakati, ukanushi na anayetendewa, na kila kimoja kimekaa kwenye silabi moja au herufi moja.

Chukua hiyo hiyo makala ya kuku. Sentensi inasema: "Kuku mgonjwa hatachanjwa." Kosa linalopendwa kupachikwa kuliko yote ni kudondosha "h", kwa sababu watu wengi huidondosha kweli wanapozungumza. Ukiidondosha unapata: "Kuku mgonjwa atachanjwa." Hapo hakuna kosa la tahajia kabisa. Ni sentensi safi ya Kiswahili inayomwambia mfugaji afanye kinyume. Hakuna kisahihishi kitakachoipigia mstari, na mhariri asiyejua kuku ataipitisha.

Nyingine: "kuku asiyechanjwa atengwe" na "kuku aliyechanjwa atengwe." Hapo tofauti ni "si" na "li". "Hawajapona" ikiwa "wamepona" ni silabi mbili. "Mpe tone moja" ikiwa "wape tone moja", mfugaji anajiuliza tone moja kwa kuku wangapi. Programu ya kutia makosa, au huyo anayeambiwa atie kosa kila sentensi mbili, hachagui mahali pasipo na madhara. Na akisema atachagua, basi itambidi asome kila kitenzi na kupima kitabadilika maana au la, na kazi hiyo ni kubwa kuliko kuandika upya.

Kuna jambo jingine ambalo mhariri hulishika bila mashine yoyote. Makosa ya mtu yana asili yake. Mtu mmoja huchanganya "l" na "r" karibu kila mahali, mwingine huandika "zidi ya" badala ya "dhidi ya" siku zote, mwingine vidole vyake huteleza kwenye vitufe vinavyopakana, anaandika "kuki" badala ya "kuku", maana "i" na "u" ziko jirani. Makosa hayo hujirudia, na huongezeka pale mwandishi alipochoka au alipoharakisha. Yaliyopachikwa hutawanyika sawasawa, moja kila mistari miwili, hukaa kwenye maneno marefu, na neno lile lile linakuwa sahihi aya ya pili, limeharibika aya ya tatu, sahihi tena aya ya nne. Mwandishi anayejua kuweka nukta mkato sehemu yake halafu anaandika "mgonjawa" mara moja tu katika kurasa mbili, hilo linaonekana limewekwa.

Kalamu_ya_Moro
Hiyo ya "hatachanjwa" imenishtua kidogo. Na maneno ya mtaani je, dada? Hayo hayabadilishi maana.

Mhariri_Tanga
Yanabadilisha msemaji. Bandika hapa aya yako moja na jinsi ulivyoivuruga, tuione.

Kalamu_ya_Moro
Ya kwanza ilivyotoka:

"Chanjo ni muhimu katika ufugaji wa kuku. Kwanza, hulinda kuku dhidi ya magonjwa hatari. Pili, huongeza uzalishaji wa mayai na nyama. Aidha, humsaidia mfugaji kupunguza gharama za matibabu. Kwa hiyo, ni muhimu kwa kila mfugaji kuhakikisha kuwa kuku wake wanachanjwa kwa wakati."

Baada ya kuvuruga:

"Chanjo ni muhimu kinoma katika ufugaji wa kuku, maze. Kwanza, hulinda kuku zidi ya magonjwa hatari. Pili, huongeza uzalishji wa mayai na nyama. Aidha, humsaidia mfugaji kupunguza gharma za matibabu, doo inabaki mfukoni. Kwa hiyo, ni muhimu kwa kila mfugaji kuhakikisha kuwa kuku wake wanachanjwa kwa wakati, si unajua."

Mhariri_Tanga
Asante. Tazama mifupa ya aya: dai la jumla, Kwanza, Pili, Aidha, Kwa hiyo, dai la jumla limerudiwa. Hakuna kilichosogea. Ukifuta "kinoma", "maze", "doo inabaki mfukoni" na "si unajua", aya ya kwanza inarudi nzima nzima, na hata wewe ungeweza kumwomba mtoto azifute. Kigunduzi kilichofunzwa kwa mifano kinasoma mifupa hiyo hiyo, na msomaji pia.

Sasa msemaji. "Kinoma" ni ya Dar. "Maze" ni ya Nairobi. Mtu mmoja hasemi zote mbili katika sentensi moja isipokuwa amekulia kote kuwili, na hata huyo hazitumii na "humsaidia mfugaji" pembeni. Akili mnemba ikiagizwa iandike kimtaani hufanya mchanganyo huu huu, inachota Sheng na lugha ya vijiweni vya Dar na kuzimwaga pamoja, tena nyingine zilizokwisha kuzeeka mtaani. Kwa hiyo mapambo uliyoyaweka kuonyesha kwamba ni mtu ndiyo yanayomfanya mhariri ashuku. Na mfugaji wa Kilosa aliyefungua ukurasa kujua chanjo inatolewaje hajapata kitu: hakuna ugonjwa uliotajwa, hakuna chanjo iliyotajwa, hakuna kiasi.

Kipanga254
Kwa mifupa nakubali, hiyo ya "Kwanza, Pili, Aidha" hata mimi huiona kwa kazi za wenzangu. Ila Sheng si kosa yenyewe. Kuna blogu za vijana zinaandikwa Sheng tupu na zinasomwa.

Mhariri_Tanga
Ni kweli, na huko iendelee. Aliyeandika Sheng tupu anaifikiria kwa Sheng: viambishi vyake, mpangilio wake, mzaha wake, vyote vinatoka mahali pamoja. Ninachokipinga ni kuipaka juu ya maandishi ya ripoti.

Binti_UDOM
Samahani naingilia. Mimi sikutumia akili mnemba kabisa. Pendekezo la utafiti niliandika mwenyewe kwa Kiingereza, na kigunduzi cha chuo kinasema sehemu kubwa ni ya mashine. Rafiki ananishauri niweke makosa ya sarufi ili msimamizi aone ni Kiingereza cha mtu. Je, kwa aliye msafi kweli inasaidia?

chunguza_data
Pole sana, na kwako naomba usiguse kitu. Mwaka 2023 watafiti wa Stanford walipima vigunduzi saba kwa insha 91 za TOEFL, zote zimeandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani vigunduzi vilisema 61.3% ya insha hizo ni za mashine. Insha za wanafunzi wa darasa la nane wa Marekani zilipita karibu zote. Sababu ni ile ile tuliyoihesabu juu: mtu anayetumia lugha ya pili huchagua maneno ya kawaida na miundo aliyoizoea, kwa hiyo anatabirika. Zingatia kwamba insha za TOEFL zina makosa ya kweli ya wanafunzi, na bado zilishikwa. Kama makosa yangekuwa ushahidi wa utu, hao wangekuwa wa kwanza kupita.

Ushahidi wako uko kwenye namna kazi ilivyokua. Kama uliandika kwenye Google Docs, fungua `File > Version history > See version history`. Utaona aya zikijengeka siku hadi siku, sentensi zilizofutwa, zilizorudishwa. Maandishi yaliyobandikwa kwa mkupuo huonekana yametokea yote kwa dakika moja. Kama uliandika kwenye Word ndani ya OneDrive, historia ipo pia. Ongeza makala ulizosoma zenye alama zako, na daftari kama unalo. Kisha omba kikao cha kulieleza pendekezo kwa mdomo: kwa nini umechagua sampuli hiyo, kwa nini si nyingine. Ukiingiza makosa leo, historia hiyo hiyo itaonyesha kwamba baada ya kutuhumiwa ulirudi kuharibu maneno yaliyokuwa sahihi. Utakuwa umejitengenezea ushahidi dhidi yako.

Binti_UDOM
Niliandika Word, lakini kwenye kompyuta ya kituo na kuhamisha kwa flashi. Historia haipo. Nina rasimu tatu tu nilizomtumia msimamizi kwa barua pepe.

chunguza_data
Rasimu tatu zenye tarehe za barua pepe ni kitu kizuri. Ziweke sambamba: kwenye Word nenda `Review > Compare`, uchague ya kwanza na ya pili, kisha ya pili na ya tatu. Itakutolea kila badiliko kwa rangi. Kama msimamizi alitoa maoni na mabadiliko yanafuata maoni yake, chapisha hiyo uende nayo.

Kipanga254
Lakini hapo mnakiri kwamba vigunduzi vyenyewe havitegemeki. Kama kinakosea kwa msafi, kwa nini nasi tusikidanganye?

chunguza_data
Havitegemeki, ndiyo. OpenAI wenyewe walitoa chao Januari 2023 na kukiondoa Julai 20 mwaka huo huo kwa sababu ya usahihi mdogo. Kwa kipimo chao wenyewe kilikuwa kinashika 26% tu ya maandishi ya mashine, na kinawasingizia watu kwa 9%. Chuo Kikuu cha Vanderbilt cha Marekani kilizima cha Turnitin Agosti 2023 kwa hoja kwamba hata 1% ya kusingizia, kwa kazi 75,000 za mwaka mmoja, ni kazi 750 zilizosingiziwa.

Ila kutotegemeka huko kunakuumiza wewe unayekwepa pia. Kipimo kinachotikisika hakikupi uhakika kwamba ulichofanya jana kitafanya kazi kesho. Kwa Kiswahili ndiyo zaidi. Vigunduzi vingi vimejengwa juu ya Kiingereza, na neno kama "hawatawachanjia" hukatwa vipande vingi hata likiwa sahihi, kwa hiyo mshangao wake tayari uko juu na hauna mpangilio. 71% ya Moro kwa makala ya Kiswahili ni namba ambayo mimi nisingeijengea hoja, si ya kumtuhumu wala ya kumsafisha.

Kalamu_ya_Moro
Sasa nifanyeje? Mteja anataka namba ishuke.

Mhariri_Tanga
Andika upya kwa vitu unavyovijua. Mfano wa aya ile ile:

"Mdondo huua banda zima kwa siku chache, na hauna tiba, kinachobaki ni chanjo. Ya I-2 ni tone moja kwenye jicho moja, kwa kifaranga na kwa jogoo kiasi ni hicho hicho, na inarudiwa kila baada ya miezi mitatu. Wachanje jioni wakishaingia bandani, maana mchana utawakimbiza na nusu utawakosa. Tone likidondoka, mshike kuku mpaka apepese jicho ndipo umwachie. Aliyeanza kusinzia na kuharisha kijani usimchanje, mtenge."

Hakuna kosa la tahajia hata moja hapo na hakuna neno la kijiweni. Mfugaji anaweza kusimama bandani na simu mkononi akafuata. Sikuahidi kwamba kigunduzi kitasema ni mtu. Kinaweza kushuka kwa sababu maelezo mahususi hutabirika kidogo kuliko "ni muhimu kwa kila mfugaji", na kinaweza kisishuke. Lakini ukibishana na mteja utakuwa na kitu cha kutetea, na kila sentensi utaweza kusema umeitoa wapi.

Kipanga254
Hiyo inachukua muda, dada. Kwa malipo ya makala moja hapa kwetu, hakuna mtu atakaa saa tatu kwa aya tano.

Mhariri_Tanga
Najua malipo ni madogo, na hilo ni tatizo la kweli. Lakini hesabu na muda wa kuvuruga: kuchagua maneno, kupima, kuongeza, kupima tena, kurudishiwa, kusahihisha "hatachanjwa" baada ya mfugaji kulalamika. Kwa makala ya maneno 600 ningebadilisha aya mbili zilizobeba maelekezo, na utangulizi ule wa jumla ningeufuta wote. Inabaki ya maneno 450, na ni bora.

NyundoChuma
Mteja aliagiza 600.

Mhariri_Tanga
Basi 150 zilizobaki zieleze namna ya kubeba chanjo kutoka duka la dawa za mifugo hadi bandani: imefungwa kitambaa kibichi, isipigwe na jua. Ni jambo wafugaji wengi hulikosea.

chunguza_data
Moro, kabla hujatuma, mwambie mteja ukweli kwamba rasimu ya kwanza ulitoa kwenye akili mnemba. Kama mkataba unakataza, ukificha hatari ni yako yote. Kama haukatazi, muulize anachoogopa ni nini hasa. Wengine wanaogopa injini ya utafutaji itawashusha, wengine wanaogopa maelezo ya uongo. Kwa huyu wa pili, muoneshe ulivyohakiki kiasi cha chanjo, na namba ya ditekta haitakuwa na kazi.

Kipanga254
Hapo hatukubaliani. Ukimwambia mteja ukweli, anakata bei nusu au anaenda kwa mwingine ambaye hasemi. Nimewaona wengi.

Mhariri_Tanga
Inawezekana kabisa, na sina jibu la kukuridhisha kwenye bei. Kwenye tahajia tu ndipo nisipoyumba.

Kalamu_ya_Moro
Nimeipitia ile makala niliyokuwa nimekwisha kuivuruga. Kwenye aya ya nne nimekuta "kuku aliyechanjwa asichanganywe na wengine". Ilitakiwa iwe "asiyechanjwa". Naiandika upya yote kabla ya kutuma, na nitamweleza mteja. Dada Mhariri, kwa vifaranga wa siku moja je, tone ni hilo hilo? Maana aya inayofuata ni ya vifaranga.

Mhariri_Tanga
Ni hilo hilo, tone moja. Ila soma karatasi ya chupa uliyonayo kwanza, maana chanjo za mdondo ziko za aina kadhaa na si zote hutolewa kwa jicho. Andika jina la chanjo ndani ya sentensi, usiseme "chanjo" peke yake.